Ardhi Isiyopimwa Ikiwa Imelowa Haijapimwa

Kati ya Bunju na Bagamoyo mjini, misingi mingi huchimbwa katika miezi ya ukavu, Juni hadi Septemba, mvua za masika zinapokuwa zimekwisha na vuli bado. Fundi hushuka na sululu, na akifika mita moja hivi sululu inagoma. Anapanda juu, anajifuta jasho na kumwambia mwenye nyumba kwamba wamefika ardhi ngumu. Siku ya pili zege la msingi linamwagwa. Hukumu hiyo, kwamba ardhi ni ngumu kwa sababu sululu imegoma, ndiyo tunayoipinga leo. Tunaipinga kwa ukali, kwa kuwa haimo midomoni mwa mafundi peke yao. Imo pia katika michoro yenye mihuri ya wahandisi na katika vibali vyenye saini za maofisa.

Upo udongo ambao ukiwa mkavu hubeba nyumba bila kulalamika, na ukinyweshwa maji hutitia ghafla, uzito ukiwa uleule na nyumba ileile. Hauhitaji tetemeko wala ghorofa ya kuongezwa juu. Unahitaji maji tu. Udongo wa aina hiyo hutokea pale ambapo chembe za mchanga laini na vumbi zimelala kwa kugusana kwenye ncha, huku katikati yake pakiwa wazi. Kinachozishikilia ni utando mwembamba wa mfinyanzi, kutu ya chuma au chumvi, pamoja na nguvu ya mvuto wa unyevu mdogo uliobaki kati ya chembe. Ni kichanja kilichofungwa kwa kamba: miti yote imesimama, ila uimara wote uko kwenye mafundo. Maji yakifika, utando unalainika, mvuto wa unyevu unapotea, na chembe zinaporomokea kwenye nafasi zilizokuwa wazi. Kazi hiyo huisha kwa saa au siku chache, wala haichukui miaka kama inavyokuwa kwenye mfinyanzi laini.

Hatusemi kwamba kila kiwanja cha pwani hii kina udongo huo. Karibu na bahari kuna miamba ya matumbawe ya kale, na nyumba iliyosimama juu ya jiwe hilo ina hofu nyingine. Bonde la Ruvu lina mfinyanzi mweusi wa mbuga, wenye kasoro iliyo kinyume na hii, kwani wenyewe ukilowa huvimba. Linalotuhusu ni eneo la katikati, kwenye miinuko ya mchanga mwekundu na wa kahawia ambako zamani palikuwa na minazi na mikorosho, na leo pana viwanja: Mapinga, Kerege, Zinga na vitongoji vyake. Mchanga mwekundu wa jamii hiyo umeenea katika pwani ya Afrika. Kule Durban mchanga mwekundu wa Berea unajulikana kwa wahandisi kwa tabia hii ya kutitia, na Luanda nayo ina mchanga wake mwekundu wenye sifa hiyohiyo. Mvua za maelfu ya miaka zimesafisha chembe laini kutoka tabaka la juu na kuacha mifupa yenye matundu. Mahali ambapo historia ya udongo ni hiyo, mhandisi hana ruhusa ya kudhani. Ana wajibu wa kupima.

Swali linalofuata ni kwa nini nyumba za zamani hazikuanguka, ilhali masika hunyesha kila mwaka. Jibu liko kwenye kina cha maji. Mvua inayoangukia shamba lenye nyasi na miti hulowesha tabaka la juu, kisha mizizi na jua huyarudisha maji hewani kabla hayajashuka mbali. Nyumba inapojengwa hesabu hiyo inavurugika. Paa la mita za mraba 120, kwa mvua ya milimita 50, hukusanya lita 6,000 za maji. Pasipokuwa na mfereji wa paa, au mfereji ukiwepo lakini bomba lake likaishia kwenye kona ya msingi, lita hizo zote huteremka penye upana wa ndoo. Ongeza shimo la maji machafu lililochimbwa hatua tatu kutoka ukutani kwa sababu kiwanja ni kidogo. Ongeza simtanki linalofurika usiku mwenye nyumba akiwa amelala. Na sasa ongeza bomba. Mtambo wa Ruvu Chini, uliomo ndani ya wilaya hii hii ya Bagamoyo, umepanuliwa hadi kuwa na uwezo wa kuzalisha lita milioni 270 kwa siku, na mabomba yanazidi kuingia kwenye mitaa iliyokuwa ikinunua maji kwa madumu. Hiyo ni neema, na hatutaki mtu atusome vibaya. Ila ardhi iliyokaa kavu chini ya nyumba kwa miaka 10 itakunywa maji kwa mara ya kwanza siku ile kiungo cha bomba kitakapoanza kuvuja chini ya sakafu ya bafu.

Ndiyo maana dalili zake zina mpangilio unaotambulika. Ufa huanza upande wa bafu, jiko au chemba, au kwenye kona inayopokea maji ya paa. Hupanda ngazi kwa ngazi ukifuata viungo vya matofali, mara nyingi ukiwa mpana zaidi juu kuliko chini, na mlango wa chumba hicho unaanza kukwama. Unajitokeza ndani ya siku chache baada ya tukio la maji ambalo mwenye nyumba hulikumbuka akiulizwa. Nyufa za mfinyanzi wa mbuga hufunguka kiangazi na kujifunga masika. Ufa wa kutitia haurudi nyuma hata siku moja. Anayeupaka plasta anauficha, na tabaka lililo chini likizidi kulowa, plasta ile itapasuka palepale.

Sasa tutazame kiwanja kimoja kwa hesabu. Ni mfano tu, lakini namba zake ni za kawaida. Nyumba ya chini, ukuta wa tofali za saruji, msingi wa mkanda wenye upana wa sentimita 60. Uzito unaofika chini ya mkanda ni kama tani 4 na nusu kwa kila mita ya mraba, mzigo mdogo ambao mhandisi yeyote angeuita salama. Msongo wa mkanda huo huhisiwa sana hadi kina kinachokaribia mara mbili ya upana wake, yaani mita 1.2. Tuseme udongo wa tabaka hilo, ukilowa chini ya mzigo huo, hupungua asilimia 5 ya unene wake. Asilimia 5 ya mita 1.2 ni milimita 60. Kona iliyolowa imeshuka milimita 60 na kona ya pili, mita 3 mbali, ingali kavu na haijatikisika. Ukuta wa matofali huanza kupasuka tofauti ya kushuka inapokaribia sehemu moja ya 300 ya urefu, na kwa mita 3 hiyo ni milimita 10. Nyumba yetu imepita kiwango hicho mara sita. Wala hakuna aliyeiba saruji, na nondo zilikuwa kamili.

Mfano huo unaonyesha pia kwa nini kuchimba zaidi hakusaidii. Fundi akisikia habari za ufa husema wangeshuka futi mbili zaidi. Lakini futi mbili chini udongo ni uleule, na ukiwa mkavu ni mgumu vilevile. Hata kipimo cha kugonga, kile cha nyundo inayoangushwa na kuhesabiwa mapigo, hutoa namba nzuri sana katika ardhi kavu ya namna hii. Tumeona ripoti zenye kurasa nyingi za mapigo hayo na picha za mashine, na ndani yake hakuna sampuli hata moja iliyoloweshwa. Ripoti kama hiyo haijajibu swali. Imerudia kauli ya sululu kwa gharama kubwa zaidi.

Kipimo kinachojibu swali kipo na si kigeni. Jennings na Knight, wahandisi wa Afrika Kusini, waliuelezea utaratibu wake mwaka 1957, na mwaka 1975 wakatoa mwongozo unaotumika hadi leo. Chimba shimo la kuingia mtu hadi kina cha msingi na chini yake. Kutoka ukutani mwa shimo hilo, kata kwa kisu na msumeno bonge la udongo la upande wa sentimita 30, bila kulitikisa. Lifunge kwa nailoni na nta ili unyevu wake wa asili usipotee, kisha lipeleke maabara likiwa limekaa wima kama lilivyokuwa ardhini. Kila anayelibeba aelewe kwamba likivunjika njiani kazi imekwisha, kwa sababu tunachokipima ni mpangilio wa chembe zake, na mpangilio huo haurudishwi. Sampuli ya mfuko wa plastiki iliyokusanywa kwa sepetu haiwezi kutumika hapa hata kidogo.

Maabara hukata kutoka bonge hilo kisahani kinachoingia kwenye pete ya chuma yenye kimo cha milimita 20, na kukibana kwa mizigo inayopandishwa hatua kwa hatua kwenye mashine ya edomita, kikiwa na unyevu wake wa asili. Mzigo unapofika kilopaskali 200, sawa na tani 20 hivi kwa mita ya mraba, maji humiminwa na sindano hutazamwa. Kisahani kikishuka milimita 1.2 kwa sababu ya maji peke yake, hiyo ni asilimia 6 ya kimo chake. Kwa mizani ya Jennings na Knight, chini ya asilimia 1 hakuna shida. Kati ya 1 na 5 shida ni ya wastani. 5 hadi 10 ni shida kamili. 10 hadi 20 ni shida kubwa. Na juu ya hapo ni balaa. Mzigo wa kilopaskali 200 ni wa kulinganishia udongo na udongo. Mhandisi makini huomba pia sampuli ya pili iloweshwe chini ya mzigo halisi wa jengo lake, kwa sababu nyumba ya chini haifiki mzigo huo, na ghorofa huweza kuupita.

Kabla ya maabara kuna majaribio mawili ya kiwanjani yasiyohitaji fedha. La kwanza: chimba shimo, kisha urudishe udongo wote uliotoka. Udongo wa kawaida hubaki kichuguu. Ukiona umerudisha wote na shimo halijajaa, ulichokichimba kilikuwa na nafasi nyingi kuliko ulivyodhani. La pili: chonga vipande viwili vya duara vilivyo sawa kutoka kwenye bonge, kimoja kiache, cha pili kiloweshe, ukifinyange upya na kukirudisha kwenye upana uleule. Kikiwa kifupi kuliko mwenzake, umepata onyo. Majaribio haya hayatoi namba ya kusanifia msingi, lakini fundi aliyeyafanya hana tena haki ya kusema hakujua.

Udongo ukishabainika, tiba ya nyumba za kawaida ni ya jasho tu. Unaondolewa na kurudishwa. Kwa nyumba ya mita 12 kwa 10, chimba eneo zima ukizidisha mita moja kila upande, hadi mita 1.2 chini ya msingi. Hizo ni kama mita za ujazo 200. Udongo uleule unarudishwa kwa matabaka ya sentimita 15, ukiwa umechanganywa na maji hadi ufikie unyevu unaoshindiliwa vizuri, na kila tabaka linashindiliwa kwa mashine kabla ya linalofuata. Udongo uliokuwa na unyevu wa asilimia 4 na unaotaka asilimia 10 utahitaji zaidi ya lita 17,000 za maji, karibu maboza mawili ya lita 10,000. Mkandarasi asiyeonekana na boza kiwanjani anashindilia vumbi. Na kama tani 1.45 kwa mita ya ujazo zimepanda kufikia tani 1.75, mita 200 zile zitarudi zikiwa 166 hivi, na utalazimika kuleta nyingine 34 kujaza pengo. Pengo hilo ndilo ambalo nyumba ingelilipia kwa nyufa.

Hapa ndipo udanganyifu mwingi hutokea. Tabaka la sentimita 15 linakuwa la 50, mashine inapita juu, uso unang'aa, na chini umebaki kama ulivyokuwa. Mhandisi msimamizi lazima apime uzito wa udongo kwa kila tabaka, kwa kishimo kidogo kinachojazwa mchanga uliopimwa, na akatae tabaka lisilofika asilimia 95 ya kiwango cha maabara. Tunaongeza neno juu ya kifusi kinachojazwa ndani ya msingi kabla ya jamvi: kikimwagwa kikavu bila kushindiliwa, mtu ametengeneza udongo wa kutitia kwa mikono yake mwenyewe, hata kama ardhi ya chini ilikuwa salama.

Wapo wanaopendekeza njia ya mkato ya kulowesha kiwanja kwa mabwawa ili kititie kabla ya kujenga. Njia hiyo ni ya kweli. Katika miaka ya 1960, wajenzi wa mfereji mkuu wa maji wa Kalifornia walilowesha ardhi ya bonde la San Joaquin kwa mabwawa ya namna hiyo, na mahali pengine ardhi ilishuka zaidi ya mita 3. Lakini kulowesha hutitisha udongo kwa uzito uliopo wakati huo tu. Tabaka la juu, lisilo na kitu juu yake, halititii inavyotosha, na litasubiri nyumba. Kwa hiyo baada ya maji bado kunatakiwa kushindilia au kuweka mzigo wa muda. Zaidi ya hayo, maji hayajui mpaka wa kiwanja. Kwenye mitaa ya Mapinga ambako ukuta wa jirani uko mita 2 kutoka kwako, kulowesha ardhi ni kumbomolea jirani nyumba, na hatuoni jinsi mhandisi anavyoweza kuidhinisha jambo hilo.

Ghala, kiwanda au bandari vina njia nyingine: uzito mkubwa unaoangushwa kutoka juu mara nyingi, roli zisizo za duara zinazogonga ardhi zinapotembea, au nguzo zinazopita tabaka baya na kusimama kwenye lililo imara. Nguzo nazo zina mtego wake. Udongo unaotitia pembeni mwao huzivuta chini badala ya kuzishikilia, na mzigo huo wa kuvuta lazima uwemo kwenye hesabu. Kinga dhidi ya maji, yaani mifereji ya paa, sakafu ya nje ya mita 1 na nusu yenye mteremko, viungo vya bomba vinavyokubali kujongea, na shimo la maji machafu lililosogezwa mbali, ni lazima kwa kila jengo. Ila hakuna kinga ya maji inayodumu miaka 50 bila kuvuja, na msanifu anayeiegemea peke yake amemwachia mpangaji wa mwisho kazi ya mhandisi.

Wahandisi wa nchi hii wanasajiliwa kwa sheria, Sheria Namba 15 ya mwaka 1997, na huapa. Muhuri wa mhandisi kwenye mchoro wa msingi maana yake ni kwamba anajua kilicho chini ya msingi huo. Anayegonga muhuri kwenye mchoro wa Kerege uliochorwa kwa kunakili msingi wa Mbezi, bila shimo hata moja kuchimbwa, amesema uongo kwa maandishi. Bodi ya Usajili wa Wahandisi ina mamlaka ya kumwita na kumuuliza alipima wapi. Tunaitaka iyatumie kabla nyumba haijapasuka, kwa kuchukua michoro kadhaa iliyokwisha pata kibali na kudai ripoti ya udongo ya kila mmoja.

Halmashauri ya Wilaya ya Bagamoyo nayo haiwezi kusema kwamba mwananchi hana uwezo wa kulipia vipimo. Ni kweli kwamba mtu mmoja anayejenga vyumba vitatu huona gharama ya maabara ni mzigo. Lakini viwanja havizaliwi kimoja kimoja. Hupimwa kwa mamia, vikiwa na ramani, barabara na namba, na mnunuzi hulipia upimaji huo. Mashimo machache ya mabonge katika kila kitalu, yakichimbwa wakati uleule vigingi vinapopigwa, yangegawanywa kwa viwanja vyote na gharama yake isingeonekana kwenye bei. Matokeo yaandikwe kwenye ramani ya mipango miji, kitalu kwa kitalu: asilimia ya kutitia, kina cha tabaka, na tiba inayotakiwa. Afisa anayetoa kibali aisome ramani hiyo na kukataa mchoro usioizingatia. Makampuni yanayouza viwanja kwa matangazo ya barabara na umeme yatakiwe kuambatanisha karatasi hiyo kwenye mkataba wa mauzo.

Shule, zahanati na jengo lolote la ghorofa visipewe kibali bila kipimo cha kulowesha cha kiwanja chenyewe, hata kama kitalu kimekwisha pimwa. Na mamlaka ya maji, kabla ya kufungua bomba jipya kwenye mtaa uliotajwa kuwa na udongo huo, ipime shinikizo la bomba hadi kwenye mita ya kila nyumba kwa siku nzima, na irekebishe kila kiungo kinachovuja kabla ya maji kuachiwa.